Eti dikteta hatoki ila kwa mtutu

Juzi tena, barazani Ngamiani, hata kahawa haijapoa: "Mwalimu, dikteta hatoki ila kwa mtutu wa bunduki." Nafundisha historia hapa Tanga. Maneno hayo nayasikia kwa wanafunzi, kwa baba zao, na sasa kwa muuza kahawa.

Mtafiti wa siasa wa Marekani, Erica Chenoweth, alianza utafiti akiamini hivyohivyo. Yeye na mwenzake Maria Stephan wakahesabu kampeni 323 dhidi ya watawala, za kuanzia 1900 hadi 2006: zisizo na silaha zilifaulu asilimia 53, za silaha 26.

Sababu itazameni Ufilipino. Waasi wa kikomunisti walikuwa msituni tangu 1969, na miaka 17 baadaye dikteta Marcos bado yupo ikulu. Msitu unataka kijana mwenye mbavu, aliye tayari kuua na kuacha mke. Bibi yako haendi. Februari 1986, baada ya uchaguzi wa wizi, waziri wa ulinzi na naibu mkuu wa majeshi waliasi, wakajifungia kambini na askari wachache. Kardinali Sin, askofu mkuu wa Manila, akawaita watu redioni wakawakinge. Barabara ya EDSA, inayopita mbele ya kambi, ikafurika: masista, wanafunzi, akina mama na vyungu vya chakula. Tarehe 23 vifaru vikaja, vikakuta watu wamepiga magoti na rozari mkononi, wengine wanawapa askari chakula na maua. Vikageuza. Kesho yake helikopta za jeshi zikatua kambini kuungana na wanajeshi walioasi, na tarehe 25 Marcos akakimbilia Hawaii.

Msinielewe vibaya, rozari haizuii kifaru. Kilichozuia ni hofu ya askari kwamba ndani ya umati ule huenda yumo shangazi yake. Umati ukiwa mkubwa, wa kila mtaa na kila kazi, karibu kila askari ana mtu wake humo. Mpiganaji wa msituni humrahisishia kazi: anayenirushia risasi, nami namrushia.

"Bila silaha ni kupiga magoti tu." Hapana. Siku zilezile Cory Aquino, mpinzani wa Marcos kwenye uchaguzi ule, aliwataka watu wasusie benki na magazeti ya maswahiba wa Marcos, na watu wakaenda kutoa akiba zao.

"Ikifika asilimia 3.5 ya wananchi, utawala umekwisha." Hili linanikera kwa sababu linatoka kwa waliosoma. Chenoweth aliliona likijirudia kwenye kampeni za nyuma, hakuliweka kama kanuni. Bahrain 2011 waandamanaji walivuka kiwango hicho, wakashindwa. Askari wengi pale waliajiriwa kutoka nchi nyingine, na mwezi Machi majeshi ya Saudia yakavuka daraja kuja kusaidia.

Muuza kahawa akaweka birika chini. "Kwa hiyo wale hawakuwa na shangazi pale uwanjani?"

Hawakuwa naye, bwana. Nimimine kingine.