Kitanda kimetazamwa na mamia, mnunuzi ni mmoja tu

Tuseme fundi wa Kisauni ameweka mtandaoni tangazo hili: "Kitanda kizuri sana, bei poa, Mombasa". Bei ni shilingi 22,000. Picha ya kwanza inaonyesha kitanda kimetandikwa, godoro nene na mito minne juu yake. Wiki mbili baadaye watu 640 wamelifungua tangazo, meseji zimekuja 40, na kimeuzwa kitanda kimoja.

Dhana: Wakitazama wengi bila kununua, basi bei iko juu.

Hili ndilo jibu la haraka, na ndilo linalowatia wauzaji hasara. Bei ilikuwa pale pale kwenye tangazo, na watu 640 waliiona wakafungua. Kabla ya kukata hata shilingi mia tano, rudi kwenye meseji uzipange kwa mafungu.

Kwanza ondoa zile za "Bado kipo?" ambazo mtu hakuendelea baada ya kujibiwa. Kwenye Facebook Marketplace swali hilo huwa limeshaandikwa tayari. Mtu anabonyeza tu na kwenda zake. Tuseme ni 11. Katika 29 zilizobaki, 15 zinauliza, "Ni pamoja na godoro?" Nane zinauliza gharama ya kukifikisha Likoni au Mtwapa, mbili kama kinafunguka, na nne tu zinaomba kupunguziwa.

Ugonjwa umejitaja wenyewe. Watu wameona godoro kwenye picha wakadhani limo kwenye bei, na kwa 22,000 ingekuwa bahati kweli. Wakiambiwa halimo, wanahisi wamechezewa, wananyamaza. Ukipunguza hadi 19,000, utawavuta wengi zaidi wenye dhana ile ile. Na huyo anayeuliza "Bei ya mwisho ngapi?" usimkasirikie, huenda yuko karibu kununua.

Dhana: Picha ikipendeza, imetosha.

Picha ya kupendeza kazi yake ni kumfanya mtu afungue. Akishafungua, anataka kukagua. Hapa toa godoro na mito, piga picha ya kitanda kitupu asubuhi mlango ukiwa wazi, mwanga uingie kwa ubavu. Piga chaga zote zionekane idadi yake na unene wake. Piga pale ubao wa ubavuni unapoungana na mguu, karibu kabisa, maana mnunuzi wa kitanda anaogopa kitu kimoja kuliko vyote: kelele usiku. Kama pana mkwaruzo, uonyeshe. Picha ya kitanda kilichotandikwa ibaki, lakini iwe ya mwisho, na maelezo yaseme wazi kwamba godoro haliuzwi nacho.

Dhana: Jina la tangazo likivuta watu wengi, ni jina zuri.

"Kizuri sana, bei poa" linamwita kila mtu, hata anayetafuta cha futi 3 cha mtoto. Andika: "Kitanda cha mkangazi, futi 5 kwa 6, bila godoro". Hapo watazamaji watapungua, pengine wakabaki 250, na wauzaji wengi hushtuka wakarudisha jina la zamani. Usirudishe. Angalia meseji za maana: zikiwa 20 kati ya 250, hizo ni 8 kwa kila watu mia, wakati awali 29 kati ya 640 hazikufika 5.

Dhana: Maelezo hakuna anayeyasoma.

Aliyevutiwa tu hayasomi. Anayetaka kununua huyasoma, tena hutafuta jambo moja linalomkwamisha. Mwenye chumba cha ghorofa ya pili Mji wa Kale hana shida na uzuri wa kitanda. Shida yake ni kama kitapita kwenye ngazi. Sentensi moja, "Kinafunguka vipande vinne kwa nati, tunakuja kukifunga," inammalizia wasiwasi. Andika pia ni nani analipa mkokoteni au pikapu, na kwa anayeishi ng'ambo ya feri, taja kiasi kamili. "Usafiri tutaelewana" humfanya mtu afikirie makubwa.

Dhana: Ukirekebisha, rekebisha vyote siku moja.

Kosa la wazi kama la godoro litoe popote lilipo mara moja: kwenye jina, picha na maelezo. Yale ya kubahatisha, badilisha moja, usubiri wiki, uangalie. La sivyo mauzo yakipanda hutajua kilichoyapandisha.

Bei hupimwa mwisho. Tafuta vitanda vya mbao hiyo hiyo na kipimo hicho hicho, ujumlishe usafiri kwa kila muuzaji. Wenzako wakiuza 20,000 na mkokoteni juu yao, na wewe 22,000 bila mkokoteni, hapo ndipo upunguze.