Oppa si kaka, wala si mpenzi

"Kwa nini kwenye tamthilia za Kikorea watu wasio na undugu wowote wanaitana kaka na dada, halafu hao hao wanaishia kuoana?"

Kwa sababu Kikorea hakina "wewe" ya kumwambia mtu aliyekuzidi umri, na jina lake tupu hulitamki mbele yake. Pengo hilo lazima lizibwe na kitu. Kwa watu waliozoeana, kinachoziba ni neno la undugu.

Jibu hili nimelikosea mara tatu, na kila mara nilikuwa na uhakika. Mara ya kwanza tulikuwa sebuleni tunatazama tamthilia iliyotiwa sauti ya Kiswahili. Binti alikuwa akimwita kijana mmoja "kaka" kuanzia sehemu ya kwanza, na ilipofika sehemu ya kumi wakabusiana. Mama mdogo akazima televisheni. Mimi nikamtetea yule binti: labda kaka wa kufikia.

Baadaye nikasikia sauti ya asili, nikajua neno lenyewe ni oppa. Nikahama na kosa langu: oppa maana yake mpenzi. Kosa hili lilidumu hadi nilipomwona binti mwingine, mwenye mchumba wake, akimwita oppa mtoto wa jirani, na mchumba kasimama pembeni anatabasamu. Nikasubiri ugomvi. Haukuja.

Kosa la tatu ndilo baya zaidi kwa sababu linafanana sana na ukweli. Nikasema, kumbe ni kama kwetu tu! Si na sisi tunamwita kondakta kaka na muuza nyanya dada? Msemaji wa Kiswahili hunasa hapa kirahisi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

"Kaka" yetu ya mtaani ni ya mlalo. Mama wa miaka hamsini anamwita kaka kijana wa bodaboda, kijana akamjibu "sawa dada" au "sawa mama", na hakuna aliyepiga hesabu. Nikikuita kaka, unaweza kunirudishia kaka. Neno linasema tu kwamba sikuchukulii kama mtu baki. Maneno ya Kikorea ni ya ngazi. Ukiniita hyung, mojawapo ya maneno hayo, umekiri kwamba nimekutangulia kuzaliwa, na mimi siwezi kukurudishia hyung hata kwa utani. Wewe nitakuita kwa jina lako, nikilibandika kiambishi kidogo mwishoni: "a" kama jina linaishia kwa konsonanti, "ya" kama linaishia kwa irabu. Minsu akiwa mdogo wangu, ni Minsu-ya. Neno la undugu linapanda tu, halishuki.

Maneno yenyewe ni manne. Mwanamume humwita mwanamume aliyemzidi umri hyung, na mwanamke aliyemzidi humwita nuna. Mwanamke humwita mwanamume aliyemzidi oppa, na mwanamke aliyemzidi humwita unni. Kwa hiyo neno linabeba jinsia ya anayeita pamoja na ya anayeitwa. Wasomaji wa Rwanda hawatashangaa sana, maana Kinyarwanda nacho hutenga musaza, kaka wa mwanamke, na mukuru, ndugu mkubwa wa jinsia yako. Tofauti ni kwamba Wakorea wameyatoa maneno hayo nje ya nyumba, wakayapeleka chuoni, jeshini na kwenye meza ya pombe.

Sasa lile pengo. Kikorea kina neno la "wewe", nalo ni neo, lakini ni la kumwambia wa rika lako au mdogo wako mliyezoeana. Lipo lingine, dangsin, ambalo mume na mke huweza kuambiana. Akiambiwa hilo mtu usiyemjua barabarani, ujue maneno yameshachacha. Kwa aliyekuzidi umri hakuna lolote kati ya hayo. "Wewe umekula?" inabidi iwe "Hyung amekula?", na anayeulizwa ni huyo huyo aliye mbele yako.

Fikiria ngeli zetu. Unataka kusifu kitu kwa shina -zuri. Halitamkiki mpaka ujue unasifu nini: kitabu kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri. Huwezi kusema, "ngoja niseme kwanza, ngeli nitaiweka baadaye." Wakorea wawili waliokutana leo wako katika hali hiyo, isipokuwa kwao ngeli ni umri. Ndiyo maana swali la mwaka wa kuzaliwa huja mapema mno, na halihesabiwi udaku. Kabla halijajibiwa wanajishikiza kwa kiambishi ssi baada ya jina, na vitenzi vyote vinavaa mwisho wa heshima. Likishajibiwa, mkubwa ataalikwa "kuyashusha maneno", yaani kuacha lugha ya heshima, na mdogo atapewa ruhusa ya kusema hyung au oppa. Ruhusa hiyo ina uzito wake. Kumwita oppa mtu ambaye hajakuzoea ni kujipendekeza, na wako wanawake wengi wasiolipenda neno hilo kazini, ambako cheo ndicho kinachotangulia.

Tofauti ya mwaka mmoja inatosha. Neno chingu, ambalo manukuu, yale maandishi ya chini, huliandika "rafiki", kwa matumizi ya kawaida ni mtu wa rika moja nawe kabisa. Mtu aliyekuzidi mwaka anaweza kuwa msiri wako wa maisha yote na bado asiitwe chingu wako.

Na ngeli ikichanganyika? Mwaka wa shule Korea Kusini huanza Machi, na zamani ulichukua watoto waliozaliwa kuanzia Machi hadi Februari iliyofuata. Chukua vijana watatu: wa kwanza kazaliwa Mei 1990, wa pili Januari 1991, wa tatu Juni 1991. Wa kwanza na wa pili waliingia darasa moja mwaka 1997, basi ni chingu, wanaitana kwa majina. Wa pili na wa tatu wanakutana kazini, wanaona mwaka wao wa kuzaliwa ni mmoja, wanakubaliana kuwa chingu. Siku moja wote watatu wanakaa meza moja. Wa tatu inabidi amwite wa kwanza hyung, ilhali rafiki yake wa rika anamwita huyo huyo kwa jina kama mwenzake. Wakorea husema hapo kwamba nasaba imejifunga mafundo. Utaratibu huo wa shule uliondolewa kwa waliozaliwa kuanzia 2003, lakini waliotangulia bado wanabishana mezani.

Tuje kwenye skrini. Mfano ninaoupenda ni Ali katika Squid Game ya 2021. Kama hujaitazama, ruka aya hii. Ali ni kibarua kutoka Pakistani ambaye mwajiri wake hakumlipa. Anapokutana na Sang-woo anamwita sajangnim, "bosi", neno la kiwandani, ingawa Sang-woo si bosi wake. Wanapozoeana, Sang-woo anamwambia aache hilo, amwite hyung. Kwa neno hilo Ali, ambaye nchi nzima inamwona mkono wa kazi tu, anapewa nafasi ndani ya ngazi ya watu. Na mkubwa akikubali kuitwa hyung amekubali deni: kumlinda mdogo, kumlipia chakula, kumshika mkono. Kisha unakuja mchezo wa gololi. Sang-woo anambadilishia mfuko, anaweka vijiwe mahali pa gololi, na Ali anabaki akimtafuta huku akiita hyung. Anamwita kwa jina la deni mtu ambaye ameshalikimbia.

Manukuu yakiandika jina tu hapo, yote hayo yamekwenda. Wala simlaumu sana mfasiri: nafasi ni mistari miwili, na Kiingereza, ambacho manukuu mengi ya Kiswahili hupitia, hakina neno la kuweka. Njia ya kawaida ni kubadilisha neno la undugu kwa jina la mtu. Ubaya wa njia hiyo hauonekani mara moja. Binti akisema oppa, chini kunaandikwa Jae-hyun. Sehemu ya kumi na mbili akikasirika na kutamka Jae-hyun tupu, ambalo ni sawa na kofi, chini kunaandikwa Jae-hyun tena. Msikilizaji wa Kikorea anaruka kitini; sisi tunajiuliza mbona muziki umebadilika.

Dawa ni masikio. Manukuu yakionyesha jina la silabi mbili au tatu, sikiliza kama kweli limetamkwa. Oppa ina "p" nzito isiyopotea, na hyung husikika karibu na "hyong". Ukishazitambua, usitafsiri, ngojea zibadilike. Ssi ikigeuka oppa, kuna mlango umefunguliwa, wa urafiki au wa mapenzi, na neno peke yake halikuambii ni upi. Ndiyo maana yule mchumba alitabasamu. Kijana aliyekuwa akisema nuna akianza kumwita mwanamke huyo neo au kwa jina, kwa kawaida anamwambia: usinione tena mdogo wako. Na mwanamume akisema "oppa atakununulia", huyo oppa ni yeye mwenyewe, kama mama anavyosema "njoo kwa mama". Manukuu yataandika "nitakununulia", na utakosa kuona anavyojitanua kifua.

Mipaka ya maneno haya nayo imehama. Wimbo wa mahafali wa shule, ulioandikwa 1946, unawaita wanafunzi wanaohitimu unni, wavulana kwa wasichana. Kwenye vyuo vikuu vya miaka ya 1980 wanafunzi wengi wa kike waliwaita wakubwa wao wa kiume hyung, neno la wanaume, kwa kuwa oppa ilinuka ulegevu.

Kaskazini nako wana sheria. Mwaka 1953 ungedhani, lakini ni Januari 2023: Bunge la Korea Kaskazini lilipitisha sheria ya kulinda lugha ya Pyongyang. Kwa mujibu wa nakala iliyochapishwa na vyombo vya habari vya Kusini, inakataza vijana kumwita oppa mtu asiye ndugu wa damu. Mtoto aliye katika chama cha watoto anaruhusiwa. Akishaingia umoja wa vijana, anapaswa kusema "komredi". Yaani kosa langu la kwanza, huko lina nguvu ya sheria.