Umeugua, na kodi mwisho kesho: namna ya kumtaarifu mwajiri

Ukiugua, taarifa ya kwanza impate msimamizi wako, si jirani yako wa meza. "Nilimwambia fulani anisemee" ni utetezi tunaousikia sana sisi wa utumishi, na mara nyingi fulani huyo alisahau. Piga simu kabla ya saa ya kuingia kazini, kisha tuma ujumbe hata kama mmeshazungumza, kwa sababu baada ya miezi miwili hakuna atakayekumbuka mlisemaje.

Tumchukue mhasibu wa kampuni ya kusambaza vinywaji Arusha, aliyeamka na homa kali tarehe 6. Mezani ana kazi chungu nzima, lakini ajiulize jambo moja tu: ipi itaharibika kabla sijarudi? Usuluhishi wa hesabu za benki unaweza kungoja. PAYE, yaani kodi ya mishahara ya wafanyakazi, haingoji, maana mwisho wa kuiwasilisha TRA ni tarehe 7. Yupo pia dereva anayetaka pesa ya mafuta leo. Basi anaandika:

"Shikamoo mama. Nimeamka mgonjwa, naelekea hospitali, leo sitafika kazini. Nikitoka kwa daktari nitakujulisha amenipumzisha siku ngapi. Mambo mawili hayawezi kusubiri. PAYE ya mwezi uliopita: jedwali liko tayari kwenye folda ya Kodi, bado kuwasilishwa, mwisho kesho. Mafuta ya lori la Moshi: vocha imeshasainiwa, iko droo ya juu, dereva anaondoka saa nane. Mengine nitayakuta."

Kila kazi imetajwa ilipofikia, ilipo na mwisho wake. Ugonjwa wenyewe hakuutaja, na hakuwa na haja ya kuutaja. Wala hakutuma nywila ya mfumo wa benki, ingawa wengi huituma kwa nia njema. Malipo yakifanyika kwa jina lako ukiwa wodini, wewe ndiye utakayeulizwa. Msimamizi amtafute mwingine mwenye idhini.

Hospitalini usiondoke bila ED, yaani cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo, na hapo ujumbe wako mzuri hautakusaidia. Piga picha ya ED uitume siku hiyohiyo, nakala halisi uitunze.

Wanaoponzwa zaidi ni wale wanaoongezewa mapumziko. ED ya siku tatu inakwisha, daktari anaongeza nne, mgonjwa anadhani ofisi inajua. Kwenye rejista ya mahudhurio siku hizo nne zinasomeka utoro, na utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila sababu ya msingi unaweza kukufukuzisha kazi. Tuma ED mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha.