Mguso uliohama: kwa nini kielekezi cha kioski kinatua mbali na kidole

Mguso uliohama ni hali ya kugusa kitufe kwenye kioski halafu kielekezi kikatua kwingine. Kitambuzi cha mguso na picha ni vitu viwili tofauti. Kitambuzi hakijui kitufe kiko wapi. Kinachoripoti ni sehemu ya upana na urefu wake iliyoguswa, na kompyuta ndiyo inayogeuza ripoti hiyo kuwa pikseli. Eneo la kitambuzi lisipolingana na eneo la picha, hesabu inapotoka.

Kwa hiyo usikimbilie kusawazisha, yaani kuifundisha kompyuta upya ilinganishe mguso na picha. Kwanza gusa katikati ya skrini, kisha pembe zote nne, uone kosa linaelekea wapi. Likiwa lilelile kila mahali na upande uleule, usawazishaji ndio wa kushukiwa. Hilo ni jambo la kawaida kwenye skrini za kubonyeza zenye tabaka mbili zinazogusana, kwa sababu vipimo vyake husogea kadiri zinavyochakaa. Kosa likikua au kupungua kulingana na mahali unapogusa, tatizo mara nyingi ni ukubwa wa picha.

Tuchukue paneli ya 1920×1080 ambayo kompyuta yake imewekwa 1024×768. Ili picha isivutike, inaoneshwa kwa upana wa pikseli 1440 za paneli, na kila upande unabaki ukanda mweusi wa 240. Ukigusa ukingo wa kushoto wa picha, kitambuzi kinaripoti 240 kati ya 1920, yaani asilimia 12.5. Kompyuta inachukua asilimia 12.5 ya 1024 na kuweka kielekezi kwenye 128, ilhali kilitakiwa kuwa 0. Katikati hakuna kosa. Ukingo wa kulia kielekezi kinarudi ndani kwa kiasi hichohicho, na juu na chini mambo ni sawa kwa kuwa picha imejaa urefu wote. Ukiona hivyo, rudisha 1920×1080.

Ukisawazisha kabla ya kurekebisha ukubwa, kioski kitaonekana kimepona. Lakini siku picha itakaporudi kwenye ukubwa wake halisi, kielekezi kitakosea kwa kwenda nje, na fundi atakayekuja atahangaika bure. Kwenye Windows, futa usawazishaji huo kwa kitufe cha `Reset` ndani ya `Tablet PC Settings`.

Skrini ya pili nayo huleta kosa linalokua. Skrini mbili za upana wa 1920 zikiunganishwa ubavu kwa ubavu, mguso unaweza kutandazwa juu ya pikseli zote 3840. Ikiwa skrini ya kugusa ndiyo ya kushoto, kidole kwenye 480 kinapeleka kielekezi 960, na ukigusa nusu ya kulia kielekezi kinahamia skrini ya pili. Kwenye Linux inayotumia X11, tafuta namba ya kifaa cha mguso na jina la skrini, kisha uvifunge pamoja:

```
xinput list
xrandr
xinput map-to-output 11 HDMI-1
```

Hapa 11 na HDMI-1 ni mfano tu. Weka vya kwako. Amri hii haidumu baada ya kuwasha upya, hivyo iweke kwenye hati inayoanza pamoja na kioski.