Neno la kurithi na neno la kukopa: kufanana peke yake hakutoshi

Kiswahili kina kucheka, Kikuyu kina gũtheka. Kiswahili kina sabuni, Kikuyu kina thabuni. Ukiyaweka maneno hayo kwenye karatasi moja, thabuni ndiyo inayofanana zaidi na ya Kiswahili, na asiyezoea kazi hii atadhani ndiyo yenye undugu wa karibu. Ni kinyume chake. Gũtheka na kucheka ni ndugu wa tumbo moja: lugha zote mbili zilirithi neno hilo kutoka Kibantu cha kale, kila moja ikaenda nalo njia yake. Thabuni ilikopwa kutoka Kiswahili, nacho kiliipata kwa Waarabu.

Neno la kurithi limekuwemo katika lugha tangu ilipokuwa lugha moja na jirani zake. Neno la kukopa limeingia baadaye, kwa biashara, ndoa, dini au utawala. Ugumu unakuja pale lugha mbili ni ndugu na pia ni majirani wa muda mrefu, kwa sababu hapo maneno hufanana kwa sababu zote mbili.

Kinachosaidia ni mabadiliko ya sauti. Lugha inapobadilisha sauti, kwa kawaida huibadilisha katika maneno mengi kwa mtindo mmoja. Sauti p ya Kibantu cha kale ilibaki p katika Kiswahili, lakini katika Kikuyu ikawa h. Ndiyo maana Waswahili husema kupona na Wakikuyu kũhona. Hapa kwetu ni haha kwao. Vivyo hivyo ch yetu hulingana na th yao: mchanga na mũthanga, cheka na theka. Pacha zinaonyesha sauti zote mbili kwa mpigo, maana mapacha kwa Kikuyu ni mahatha.

Sasa tazama mpira. Kama Wakikuyu wangelirithi neno hili, tungetarajia h mahali pa p. Wao husema mũbira. Mpango nao ni mũbango. Maneno haya yaliingia baada ya p ya zamani kwisha kugeuka h, wakati Kikuyu hakikuwa tena na p ya kawaida, kwa hiyo wasemaji wakachukua sauti iliyo karibu nayo, b.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami niliwahi kujikwaa. Wanafundishwa kwamba ulinganifu wa sauti ukiwa wa mara kwa mara, basi neno ni la urithi. Lakini mikopo nayo ina utaratibu wake. Sabuni ni thabuni, saa ni thaa: s kwa th, mara nyingi. Kwa hiyo swali si kama kuna utaratibu, bali neno limefuata utaratibu upi. Urithi wa Kikuyu una p kwa h na ch kwa th; mikopo yake ya karibuni ina p kwa b na s kwa th. Ni matabaka mawili, kama ya udongo shimoni.

Kiswahili nacho hukopa kwa ndugu zake. Chukua ikulu. Kiswahili kimeangusha l katika maneno mengi, hasa katika silabi ya mwisho kabla ya a au u: Kichewa cha Malawi kina njala, sisi tuna njaa. Shina la zamani -kulu, lenye maana ya ukubwa, kwetu limekuwa -kuu, kama katika mkuu. Basi ikulu imeihifadhije l yake? Imetoka bara, ambako Wanyamwezi na Wasukuma waliita hivyo makao ya mtemi. Kiambishi i- cha mwanzo ni cha kwao pia. Mkuu tuliurithi, ikulu tuliikopa, na shina ni lilelile.

Nisingelihukumu neno hilo kwa l peke yake, maana kulala imebaki na l zake zote na hakuna anayesema ni mkopo. Ni l, kiambishi na maana mahususi ya makao ya mtawala vikikutana ndipo kesi inasimama.

Yapo pia maneno ambayo umbo halisemi lolote. Kuona ni kuona kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa Kichewa. Hakuna sauti ndani yake inayozitenganisha lugha hizi. Ukisikiliza sauti za majirani tu, huwezi kujua. Inabidi utoke nje ya eneo walimokutana: kusini ya mbali Wazulu husema ukubona, wakiwa na b ambayo lugha hizi tatu zimeipoteza, na hapo tunajua neno ni la kurithi.