"Mama, Kiswahili hakina mume na muke": ninayoyafuta kwenye matangazo ya kazi

Wateja wangu wa Lubumbashi hunisomea tangazo kwenye simu, nami nikianza kulikosoa hunikatiza: "Mama, Kiswahili hakina mume na muke. Nimesema 'anayejua kazi'. Nimembagua nani?" Wiki iliyopita nimelisikia mara tatu, sasa naandika.

Dhana: tangazo lililotungwa kwa Kiswahili haliwezi kubagua.

Ni kweli, "anayejua" haisemi ni mwanamume au mwanamke. Lakini tangazo halibaki hapo. Bosi analitaja kwa Kiswahili, karani wake analiandika kwa Kifaransa, na Kifaransa kinamlazimisha kuchagua. Akifika kwenye "dereva" anaweka neno la kiume, akifika kwenye "sekretere" anaifanya ya kike, wala hajamuuliza mtu. Bosi anatia sahihi bila kujua kwamba ameshachagua. Kwa hiyo mimi nasoma karatasi ya mwisho, ile itakayobandikwa. Habari ya kwamba mlizungumza vizuri ofisini hainisaidii.

Halafu Kiswahili chenyewe kina njia zake za kufunga mlango. Tazama hili, la mwenye depo ya vipuri huko Kampemba: "Anatafutwa kijana mwenye nguvu, miaka 25 hadi 35, asiye na majukumu mengi ya familia, mwenye sura nzuri, atunze depo." Hakuna neno "mwanamume" hata moja, lakini mama wa miaka 40 aliyetunza stoo miaka kumi akilisoma anapita zake bila kuomba.

Nilimwuliza: papa, huyo mtu Jumatatu saa moja asubuhi anafanya nini? Tukaenda neno kwa neno. "Nguvu" ilikuwa katoni za kilo 20 hivi za kupanga kwenye rafu, na kitoroli kipo. Basi tuandike katoni, kilo na kitoroli, kila mtu ajipime mwenyewe. "Asiye na majukumu ya familia" ilikuwa hofu ya mwisho wa mwezi, siku ya kuhesabu mali yote, watu wanapotoka saa mbili usiku. Tuandike saa hiyo. Kuna mama mwenye watoto watano ambaye dada yake yuko nyumbani, na kuna kijana asiye na mtoto ambaye hawezi kubaki hata dakika moja. "Sura nzuri" haikuwa na kazi yoyote. Mtunza depo hata wateja hawaoni. Tukaifuta.

"Kijana" ndiyo ilitugombanisha. Mwanzoni alisema vijana wanajifunza haraka. Nilipozidi kuuliza, ikatoka kwamba mtu mzima ataomba mshahara mkubwa. Hilo ni jambo la mshahara, papa, siyo la umri! Andika kiasi unacholipa, na asiyeridhika atabaki kwake. Alikuwa anahitaji pia mtu anayejua kujaza fishi za stoki, basi tukaandika "aliyewahi kujaza fishi za stoki kwa miaka 2 au zaidi". Alitaka kuongeza "isiyozidi 5". Nikakataa, maana huo ni umri uleule umevaa koti jingine.

Likawa hivi: "Anatafutwa mtunza depo, mwanamke au mwanamume. Atapokea vipuri, atapanga katoni za kilo 20 hivi (kitoroli kipo) na kujaza fishi za stoki, kazi aliyokwisha kuifanya miaka 2 au zaidi. Kazi inaanza saa moja asubuhi. Siku ya kuhesabu mali inaisha saa mbili usiku." Chini yake, mshahara.

Dhana: ukiweka H/F, yaani mwanamume au mwanamke, kwenye kichwa, umemaliza. Karani anaweka H/F juu, kisha mistari kumi chini yote inamzungumzia mwanamume. Andika majina yote mawili ya kazi kwa Kifaransa, au ligeuze tangazo liseme "utapokea, utapanga".

Dhana: wanawake wanahimizwa kuomba, kwa hiyo tuko sawa. Nimeona sentensi hiyo chini ya tangazo lililodai "asiyeolewa". Futa kwanza kinachowafukuza, ndipo uwakaribishe.

Dhana: kuandika "mzaliwa wa hapa" ni haki ya mwajiri. Soma kifungu cha 36 cha Katiba ya Kongo ya 2006: mtu asidhulumiwe kazini kwa sababu ya asili yake, jinsia, maoni, imani au hali yake ya kijamii na kiuchumi. Umri hautajwi hapo kwa jina, najua, msiniandikie. Kama unachotaka ni mtu wa kuelewana na wateja wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, andika "aongee Kiswahili vizuri". Wamejaa watu waliozaliwa kwingine wanaokiongea kukushinda.

Dhana: basi jinsia haitajwi kamwe. Inatajwa pale kazi yenyewe inapodai. Mlinzi wa kupekua wanawake getini kwenye mgodi awe mwanamke, na sababu iandikwe palepale kwenye tangazo. Mwenye depo aliposikia hilo akauliza kama kuhesabu vipuri nako hakuwezi kudai mwanamume. Nikamwuliza nani anahesabu pesa nyumbani kwake.