Maziwa hayawashi jeni ya laktesi: dhana potofu kuhusu promota na enhansa

"Daktari, nikianza na nusu kikombe cha maziwa kila siku, si ile jeni itawaka tena?" Jeni inayosemwa ni ya laktesi, kimeng'enya cha utumbo kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Swali hili huletwa na wateja walioshika karatasi za majibu ya vinasaba. Huletwa pia na wanafunzi waliokwisha kufaulu mtihani wa operoni ya lac, kundi la jeni ambazo bakteria huzitumia kula laktosi, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi, maana hawaulizi tena: wana jibu tayari, na jibu lenyewe si sahihi. Wamejifunza jinsi bakteria anavyodhibiti jeni, kisha wakauhamishia mpango ule kwa binadamu bila kubadilisha kitu.

Dhana: Laktosi huwasha jeni ya laktesi

Kwa bakteria E. coli ni kweli, na ndivyo Jacob na Monod walivyoeleza mwaka 1961. Jeni tatu, lacZ, lacY na lacA, zimepangwa mfululizo na zinatumia promota moja, yaani kipande cha DNA ambapo unukuzi, kazi ya kunakili jeni kuwa RNA, huanzia. Opereta iko papo hapo kwenye promota, na juu yake hukaa protini kizuizi iitwayo LacI. Ikiwa imekaa hapo, polimeresi ya RNA, kimeng'enya kinachofanya unukuzi, haifanyi kazi ya maana. Laktosi ikiingia ndani ya seli, sehemu yake ndogo hugeuzwa kuwa alolaktosi, ambayo hushikamana na LacI na kuifanya iachie DNA. Kama glukosi nayo imepungua, protini ya CAP hushika DNA kabla tu ya promota na kuisaidia polimeresi kukaa vizuri. Dakika chache tu, kimeng'enya kinatengenezwa, na kinaweza kuongezeka hadi mara elfu moja hivi. Anayeamua ni chakula chenyewe, kimeshaingia ndani ya seli.

Sasa njoo kwenye utumbo mwembamba wa binadamu. Laktosi haiingii kabisa kwenye seli zetu za utumbo. Laktesi imesimikwa nje, kwenye vinyweleo vya uso wa seli, na huko huko ndiko laktosi inakovunjwa kuwa glukosi na galaktosi. Hizo mbili ndizo zinazovukishwa kuingia ndani. Kwa hiyo laktosi haifiki karibu na kiini cha seli, na hata ingefika, hatuna protini iliyo mfano wa LacI ya kuipokea. Hoja ya "kuwasha kwa maziwa" inakufa hapo.

Ni nani basi anayeamua? Anza na hali ya DNA yenyewe. Ya bakteria iko wazi kiasi kwamba polimeresi ikikutana na promota nzuri huanza kazi isipozuiwa. Yetu imezungushwa kwenye protini kufanya vibunda viitwavyo nukleosomu, kila kimoja kikibeba jozi-besi 147 za DNA, na hali yake ya kawaida ni kufungwa. Promota ya jeni yetu, LCT, ikiachwa peke yake ni dhaifu. Inahitaji protini za unukuzi zinazopatikana kwenye seli za utumbo, zikiwemo CDX2, HNF1-alfa na zile za kundi la GATA. Ndiyo maana seli ya ngozi, yenye jeni ile ile herufi kwa herufi, haitengenezi laktesi hata chembe.

Tena inahitaji enhansa, kipande cha DNA kinachoongeza unukuzi wa jeni kikiwa mbali na promota yake. Enhansa ya LCT iko takriban jozi-besi 14,000 kabla ya mahali unukuzi unapoanzia. Mwanafunzi aliyezoea operoni akisikia umbali huo hushangaa, kwa kuwa operoni nzima ya lac, pamoja na jeni zake zote tatu, haifiki hata nusu yake. Jambo linawezekana kwa sababu DNA hujikunja. Protini zilizoshika enhansa hukutanishwa na zile zilizo kwenye promota, zikiunganishwa na mkusanyiko mkubwa wa protini uitwao Mediata, na umbali ulio katikati huachwa kama kitanzi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mtoto tumboni. Laktesi ya kijusi hupanda katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na huwa juu sana anapozaliwa, na hapo hajanywa hata tone la maziwa. Baadaye, kwa watu wengi duniani, hushuka miaka kadhaa baada ya kuzaliwa, hata kama maziwa hayakosekani nyumbani. Kinachobadilika ni ratiba ya ukuaji. Kwa wenye mpangilio wa asili wa DNA, eneo la enhansa hukusanya vikundi vya methili, alama za kikemikali juu ya DNA, kadiri umri unavyosonga, na unukuzi wa LCT hufifia.

Ushahidi wa pili ni mkali zaidi. Chukua mtu mzima aliyerithi nakala moja ya jeni inayodumu, yaani inayoendelea kutengeneza laktesi ukubwani, na moja ya asili. Nakala zote mbili zimo ndani ya kiini kimoja, zimezungukwa na protini zile zile, na mtu ni yule yule mwenye mlo ule ule. Ukipima RNA ya LCT utakuta karibu yote inatoka kwenye kromosomu yenye nakala inayodumu. Kama maziwa ndiyo yangekuwa yanawasha, zingewaka zote mbili. Tofauti imeandikwa kwenye DNA ya kromosomu ile, na huathiri jeni iliyo juu ya kromosomu hiyo hiyo tu.

Wateja hapo hunibishia: "Lakini mimi nilizoea, gesi ilipungua!" Nawaamini. Kilichozoea ni bakteria wa utumbo mpana. Laktosi isiyovunjwa huwafikia kila siku, spishi zinazoimudu huongezeka, hasa bifidobakteria, ambao huichachua bila kutoa haidrojeni. Kwa bakteria wengi kule chini, jeni za kutumia laktosi huwashwa kweli na sukari hiyo. Dhana ya wateja wangu ni sahihi, ila wamekosea kiumbe.

Kutofautisha jeni iliyowaka na bakteria waliozoea si kazi ngumu. Mpe mtu gramu 50 za laktosi akiwa hajala, pima sukari ya damu kabla na baada. Tuseme ilikuwa 4.8 mmol/L na kilele chake kikawa 5.3. Imepanda 0.5 tu, na kupanda chini ya 1.1 huhesabiwa kuwa laktesi haidumu. Zaidi ya 1.7 ni kwamba inadumu. Rudia baada ya wiki kadhaa za kunywa maziwa kila siku: tumbo litakuwa limetulia, haidrojeni ya pumzi, gesi inayotoka kwa bakteria wa utumbo, imeshuka, na sukari itapanda kidogo vile vile. Kwa hiyo daktari anayetumia kipimo cha pumzi peke yake kwa mtu anayekunywa maziwa kila siku anaweza kumwambia jeni yake imerudi, kumbe amepima bakteria. Ushauri wangu kwa mtu wa namna hii huwa ni mtindi au maziwa mgando, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi kabla hajaionja yeye.

Dhana: Badiliko limo ndani ya MCM6, kwa hiyo MCM6 ndiyo jeni ya laktosi

Badiliko la DNA linalofanya laktesi idumu huandikwa kwenye karatasi ya majibu chini ya jina la jeni jirani, MCM6, na mteja anatafuta kazi ya MCM6 mtandaoni, anakuta habari za kunakili DNA wakati seli inagawanyika, anaingiwa na hofu. MCM6 haina dhambi. Enhansa ya LCT imekaa ndani ya introni ya 13 ya jirani huyo, na introni hukatwa na kutupwa kabla protini haijatengenezwa, hivyo protini ya MCM6 haibadiliki.

Enhansa kukaa ndani ya jeni moja na kuihudumia nyingine ni jambo la kawaida. Ile inayoongoza jeni ya SHH kwenye mikono na miguu ya mtoto anapokua tumboni imo ndani ya introni ya jeni LMBR1, karibu jozi-besi milioni moja kutoka SHH, na herufi moja ikibadilika pale mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vya ziada. Wanafunzi, acheni kuandika kwamba enhansa hudhibiti jeni iliyo karibu nayo zaidi. Ukitaka kujua ni ya nani, tafuta RNA ya jeni gani inabadilika pale enhansa inapoharibiwa, au kipande gani cha DNA kinagusana nayo ndani ya seli husika. Ukaribu kwenye ramani ni dokezo tu.

Dhana: Kipimo kimesema huna badiliko, basi huna

Hapa hasira yangu ni kwa wauza vipimo. Vipimo vingi huangalia nafasi moja, rs4988235, ambayo ni -13910, yaani jozi-besi 13,910 kabla ya mwanzo wa unukuzi wa LCT. Badiliko hilo lilitambuliwa kwa familia za Finland mwaka 2002 na limeenea Ulaya. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, na wakakuta wengi wanaomeng'enya maziwa ukubwani hawana badiliko la Ulaya. Wana -14010*C, yaani herufi C kwenye nafasi -14010, rs145946881, lililoenea Kenya na Tanzania. Yapo pia -13907*G, linaloonekana Sudan na Pembe ya Afrika, na -13915*G la Uarabuni.

Nafasi hizi zote zimo ndani ya jozi-besi zisizozidi 110, kwenye enhansa ile ile. Kila badiliko lilijitokeza kivyake kwa watu wafugaji. -13910*T na -14010*C, kwa mfano, yote mawili huifanya protini ya Oct-1 ishike DNA kwa nguvu zaidi. Sasa mtu wa jamii ya wafugaji, anayekunywa lita nzima bila tatizo, anaambiwa na karatasi kwamba laktesi yake haidumu, kwa sababu maabara haikusoma herufi iliyo jozi-besi 100 kando. Kabla ya kulipa, uliza kama wanasoma eneo zima la enhansa au nafasi moja. Wakishindwa kujibu, kipimo cha sukari ya damu kitakufaa zaidi.

Dhana: Bakteria hawana enhansa kabisa

Hii nimeikuta hata kwenye miongozo ya kusahihishia mitihani. Promota nyingi za E. coli huhudumiwa na sigma-70, kijenzi cha polimeresi kinachotambua promota, na hizo hudhibitiwa na protini zinazoshika DNA karibu nazo, kama ile ya lac. Lakini promota za sigma-54 ni tofauti. Jeni ya glnA, inayohitajika nitrojeni ikipungua, ina sehemu za kushikwa na protini ya NtrC zaidi ya jozi-besi 100 kabla ya mwanzo wa unukuzi, na ukizisogeza mbali zaidi ya elfu moja bado zinafanya kazi, DNA ikijikunja vile vile. NtrC hutumia nishati ya ATP kuifungua DNA ili polimeresi, ambayo tayari imekaa pale DNA ikiwa bado imefungwa, ianze kazi. Tofauti na kwetu ni kwamba NtrC haina nukleosomu za kusogeza, na inapeleka taarifa kwa polimeresi moja kwa moja bila Mediata katikati.